Pensheni ya Uingereza imekatika ghafla na mzee yupo hai, hii ndo maana ya ile fomu ya uhai

Mtaani kwetu mimi ndo huwa naitwa kusoma barua za Uingereza, kwa hiyo hili swali nalijua vizuri. Mzee kafanya kazi London au Leicester au Cardiff miaka thelathini na kitu, karudi nyumbani Tanga au Unguja au Mombasa, pensheni ya serikali inaingia benki bila shida miaka mitano sita, alafu siku moja anakwenda benki anakuta hakuna kitu. Anasubiri wiki ijayo, hakuna. Anaanza kuulaumu mfumo wa benki, wengine wanasema labda Uingereza wamebadilisha sheria na watu wa nje hawalipwi tena, na mara nyingi sio hayo yote. Ni karatasi moja tu ambayo ilitakiwa ijazwe na haikujazwa.

Hiyo karatasi juu yake imeandikwa Life Certificate, na sisi huku tunaiita fomu ya uhai au cheti cha uhai. Inatumwa na idara ya kazi na pensheni ya Uingereza, ile inayoandikwa DWP, kupitia kitengo chake cha wastaafu walio nje ambacho kwenye barua utaona kimeandikwa International Pension Centre. Kazi yake ni moja, kuthibitisha kwamba yule anayelipwa bado anaishi. Mtu akifa Birmingham, kifo kinasajiliwa na taarifa inaifikia idara. Mtu akifa Pangani, familia inazika siku hiyo hiyo au kesho yake, cheti cha kifo kinaweza kufuatwa baadae au kisifuatwe kabisa, na hakuna karani yeyote wa huku ambaye kazi yake ni kuwaambia Waingereza. Zipo nchi ambazo serikali zinapeana taarifa za vifo moja kwa moja, ila kwa sehemu kubwa ya dunia njia iliyobaki ni kumuuliza mstaafu mwenyewe: bado upo? Na asipojibu, wao hawana namna ya kujua kama amefariki au barua haijamfika.

Sasa hapo kwenye barua kutofika ndo penye shida kubwa kuliko zote, naomba nikae hapo kidogo.

Huku kwetu barua haiji mlangoni, inakwenda sanduku la posta. Na wazee wengi hawana sanduku lao, wanatumia S.L.P. ya shule aliyokuwa anafundisha mdogo wake, au ya msikiti, au ya ofisi ya mtoto wa kaka. Siku ya kwanza alipojaza anwani yake mpya kila kitu kilikuwa sawa. Baada ya miaka minne yule mdogo wake kastaafu, ufunguo wa sanduku yuko nao mtu mwingine, na sanduku lenyewe linalipiwa kila mwaka na mwaka huu hakuna aliyelipia. Fomu imetoka Uingereza, imefika nchini, imelala. Kwa kawaida wanatuma na barua ya kukumbusha, nayo inakwenda kulala pale pale. Kwa hiyo mzee anapoambiwa "tulikuandikia" na yeye anaapa hajaona kitu, wote wawili wanasema kweli.

Aina nyingine ya hii ni mzee kuhama kwa muda. Mtoto yuko Maskati, anamwita mama akae naye miezi sita, miezi sita inakuwa mwaka na nusu, na hakuna aliyefikiria kuandika barua ya kubadilisha anwani kwa sababu hela inaingia benki kama kawaida. Hela kuingia haimaanishi kwamba anwani waliyonayo bado ni sahihi, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Haya, tuseme fomu imefika. Ni fupi, na watu wanakosea sio kwa sababu ni ngumu bali kwa sababu wanaijaza kwa haraka. Kuna sehemu ya mstaafu mwenyewe kusaini, na sehemu ya shahidi. Shahidi ndo roho ya fomu, maana sahihi ya mzee peke yake mtu yeyote nyumbani anaweza kuiga. Kanuni waliyoiweka ni kwamba wanaoruhusiwa kushuhudia ni watu wa aina ile ile wanaoruhusiwa kuthibitisha picha ya pasipoti ya Uingereza, yaani mtu mwenye kazi inayotambulika au aliyestaafu kwenye kazi hiyo: mwalimu, nesi, wakili, mhasibu, ofisa wa benki, askari polisi, kiongozi wa dini na wengine wa namna hiyo. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, shahidi sio lazima awe Muingereza, sio lazima awe na pasipoti ya Uingereza, na wala sio lazima awe anaishi huko. Nimeona watu wanapanga safari kwenda Dar kwenye ubalozi na kulala gesti siku mbili wakati nyumba ya tatu kutoka kwao anaishi mwalimu mkuu mstaafu.

Asiyefaa ni ndugu. Ndugu wa damu hapana, wa kuoana hapana, mwenza hapana, anayeishi nyumba moja na mzee hapana. Hii inawaumiza watu kwa sababu kwetu msomi wa kwanza unayemfikiria ni wa ukoo, binamu yako ndo nesi, shemeji yako ndo wakili, na jina la ukoo linafanana kabisa kwenye fomu. Tafuta mtu baki.

Shahidi amuone mzee kwa macho yake siku hiyo. Kama mzee hawezi kutoka kitandani basi shahidi ndo anakwenda, wala sio fomu kupelekwa ofisini kwake na mjukuu ikagongwe muhuri. Niliwahi kuwepo moja ikijazwa barazani, mzee mkono unatetemeka, sahihi yake ya zamani ilikuwa na mkia mrefu na sasa inatoka kama mistari miwili imevunjika. Mwanawe akataka kumsaidia kwa kumshika mkono. Mwalimu aliyekuja kushuhudia akakataa, akasema mwache aandike hivyo hivyo inavyotoka, mimi nimemuona. Alikuwa sahihi kabisa, sahihi mbovu ya mzee mwenyewe iliyoshuhudiwa na mtu baki ni salama kuliko sahihi nzuri ya mtoto wake. Na kama mzee hawezi kabisa kushika kalamu, au akili imechoka na haelewi tena anachosaini, msibuni dawa nyumbani, pigeni simu kwanza muulize utaratibu wa mtu wa kumwakilisha.

Makosa mengine ni madogo ila yanarudisha fomu. Shahidi kasaini na kugonga muhuri lakini hajaandika kazi yake wala anwani. Tarehe ya mzee na tarehe ya shahidi zinapishana wiki mbili, sasa shahidi alimuona lini? Jina limeandikwa tofauti na lile la kwenye barua, yaani kule Uingereza alikuwa anatumia majina mawili na huku kaongeza la babu. Andika jina kama lilivyo kwenye barua yao, herufi kwa herufi. Alafu kabla ya kuibandika bahasha piga picha kurasa zote kwa simu, na ukiweza itume kwa EMS au rejista pale posta ili ubaki na risiti yenye namba. Anwani ya kurudishia tumia ile iliyochapwa kwenye fomu yenyewe (barua zao zinapokelewa Wolverhampton), usichukue anwani ya barua ya zamani ya mwaka ule.

Sasa twende kwenye malipo kusimama, na nitatumia mfano niliouunda ili hesabu ionekane vizuri.

Mzee mmoja aliendesha basi London toka mwaka 1980. Akafika umri wa pensheni mwishoni mwa 2016, na ana miaka ya michango ya kutosha kupata pensheni mpya ya serikali kamili, ambayo inataka miaka 35. Mwezi wa saba 2017 akarudi Tanga. Wakati anaondoka kiwango kamili kilikuwa pauni 159.55 kwa wiki. Aliye nje anaweza kuchagua kulipwa kila wiki 4 au kila wiki 13, yeye alichagua wiki 4, kwa hiyo kila malipo ni pauni 638.20. Na ni hiyo hiyo mpaka leo, kwa sababu Tanzania na Kenya na Uganda zimo kwenye nchi ambazo Uingereza haiongezi pensheni kila mwaka, inabaki pale ilipokuwa ulipohama. Mwenzake aliyebaki London mwaka 2025/26 kiwango kamili kilikuwa 230.25 kwa wiki, yaani 921 kwa wiki 4. Hili la kugandishwa kwa pensheni linawauma wazee sana na wana haki ya kuumia, walilipa michango sawa na wenzao, ila nalitaja hapa kwa sababu ya kazi: mtu akiona hela haijapanda sio dalili kwamba kuna tatizo la fomu. Haijapanda ni sheria. Haijaingia kabisa, hapo sasa tuongee.

Tuseme fomu yake ilitumwa, ikalala kwenye sanduku la shule, na malipo yakasimama mwezi wa saba. Yeye akagundua siku ileile maana anajua tarehe zake. Cha kwanza asichokifanya ni kusubiri mwezi mwingine. Cha pili anatakiwa kujua kama ni benki au ni Uingereza, na hii inajulikana kirahisi. Anakwenda benki anauliza mambo mawili, je kuna hela imekuja kwa jina langu ikarudishwa, na je akaunti yangu iko hai, maana akaunti isipoguswa muda mrefu benki inailaza, na benki ikiunganishwa na nyingine au namba zikibadilika hela inagonga na kurudi. Kama benki inasema hakuna kilichokuja wala kilichorudi, basi huko Uingereza ndo wameifunga bomba.

Cha tatu ni simu. Namba ya kituo cha kimataifa iko kwenye barua yoyote ya zamani ya pensheni. Kumbuka saa, Tanzania na Kenya tuko mbele kwa masaa matatu wakati wao wako kwenye baridi na masaa mawili wakati wao ni kiangazi, kwa hiyo ukipiga saa tatu asubuhi ya kwetu kule bado wamelala. Mzee awepo mwenyewe kwenye simu hata kama Kiingereza cha simu kinamchosha, watamuuliza maswali ya kumtambua na hawataongea na mtoto mpaka yeye akubali. Awe na namba yake ya bima ya taifa mkononi, ile yenye herufi mbili, tarakimu sita, na herufi moja mwisho, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na anwani ile ya zamani waliyonayo wao, sio mpya tu. Aulize maneno haya haya: malipo yangu yamesimamishwa au yamefutwa, yamesimamishwa toka tarehe ngapi, na sababu ni fomu ya uhai au kuna kingine? Kisha abadilishe anwani palepale, aombe fomu nyingine, na aandike jina la aliyeongea naye na tarehe.

Mpangilio wa hayo una maana yake. Nimeona mtu kaomba fomu mpya bila kubadilisha anwani kwanza, na fomu mpya ikatumwa kwa utiifu kabisa kwenye lile sanduku lililokufa. Wiki sita zimekwenda.

Tofauti ya kusimamishwa na kufutwa ndo ya kuielewa vizuri kuliko zote kwenye habari hii. Kusimamishwa ni kwamba haki yako ipo ila hela imeshikiliwa mpaka ujibu. Ukijibu na wakaridhika, malipo yanaendelea na zile zilizoshikiliwa zinalipwa kama malimbikizo, haziliwi na serikali. Mzee wetu wa Tanga fomu yake ikikubaliwa na malipo yakarudi baada ya kukosa mara nne, anadai 638.20 mara nne, yaani pauni 2,552.80, pamoja na ile ya kawaida ya zamu hiyo. Akae na kalamu ahesabu tarehe zilizokosekana moja moja, na hesabu aifanye kwa pauni sio kwa shilingi, kwa sababu malipo yakija kwa shilingi yamepitia kiwango cha kubadilisha cha siku yale yalipotumwa na makato ya benki juu yake, ukihesabu kwa shilingi ya mwezi wa saba hutapata jibu linalolingana hata siku moja. Kama zimepungua kwa kiasi cha malipo mazima ndo apige tena, kama zimepungua kidogo basi ni benki.

Kusimamishwa kwenyewe hakuna rufaa. Huwezi kwenda mahakama ya rufaa za mafao kusema wamenisimamishia, dawa yake ni kutoa ushahidi walioutaka. Ila wakifika hatua ya kutoa uamuzi kwamba huna haki tena, hiyo ni barua nyingine na ina saa inayotembea: una mwezi mmoja toka tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi kuomba wauangalie upya, na ni baada ya hapo tu ndo rufaa inafunguka. Tarehe ya kwenye barua, sio tarehe barua ilipokufikia, na sisi wa masanduku ya posta tunajua mwezi mmoja unaweza kuishia njiani. Ukichelewa omba hivyo hivyo na ueleze barua ilifika lini, ndo maana bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe.

Kuna kitu kimoja kinawachanganya hata watoto waliosoma. Mzee anasema "pensheni yangu" kama ni moja, kumbe anazo mbili au tatu. Ile ya serikali niliyoieleza ni moja. Kama alikuwa nesi wa hospitali za umma au mwalimu au mfanyakazi wa halmashauri, kuna na pensheni ya kazi, na kama alikuwa kampuni binafsi kuna mfuko wa kampuni. Kila mfuko una fomu yake ya uhai, ratiba yake, na kanuni yake ya nani ashuhudie, na kujibu mmoja hakuuambii mwingine chochote. Nimekuta familia inagombana na DWP kwenye simu kwa sababu "tulishatuma fomu mwezi wa tatu", na kweli walituma, ila ile ilikuwa ya mfuko wa kazi. Angalia nembo ya juu ya barua na namba ya kumbukumbu. Mimi nawashauri wawe na daftari moja, kila pensheni ukurasa wake, fomu ilikuja lini ikarudi lini.

Kwa waliofanya kazi Marekani fomu yao ni nyingine, inaitwa SSA-7162, na uzuri wake inatabirika. Wengi inawafikia kila baada ya miaka miwili, na mwaka wako unajulikana kwa tarakimu mbili za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii, 00 mpaka 49 ni miaka shufwa na 50 mpaka 99 ni miaka witiri. Baadhi ya watu wanaipata kila mwaka, na wanaopokelewa malipo na mtu mwingine kwa niaba yao, yao ni SSA-7161. Usipoirudisha malipo yanasimama vilevile. Ya Uingereza haina kalenda ya namna hiyo ya kuiwekea alama ukutani, inakuja inapokuja, kwa hiyo mwenye pensheni ya Uingereza hana budi sanduku lake liwe hai muda wote.

Na kuhusu matapeli, fomu yenyewe ni bure, idara haidai ada ya kufungulia malipo. Wakili anaweza kukutoza kwa muda wake wa kushuhudia, hiyo ni yake na mwalimu wa jirani hatozi, lakini anayepiga simu kusema yuko Uingereza na anataka namba za akaunti na pauni hamsini ili akufungulie, kata simu alafu wewe mwenyewe piga ile namba ya kwenye barua yako.

La mwisho ni gumu kuliongea lakini ndo sababu ya fomu kuwepo. Mzee akifariki, taarifa ipelekwe, hata kama fomu ilirudishwa wiki iliyopita na ingewapa muda. Hela inayoingia baada ya tarehe ya kifo sio ya familia, wataomba irudishwe, na mtu aliyejaza fomu ya uhai ya marehemu kafanya udanganyifu pamoja na shahidi wake. Piga simu na namba ile ile ya bima ya taifa, waambie tarehe ya kifo, chukua cheti cha kifo RITA au kwa Zanzibar na Kenya kwenye usajili wa huko, na kwenye simu hiyo hiyo uliza mambo mawili: kuna siku ambazo marehemu alistahili na hazijalipwa bado? Na mjane, je, ana chochote cha kudai kutokana na michango ya mumewe? Watu wanaogopa kupiga kwa sababu wanadhani wanakwenda kufunga mlango tu, na kumbe mara nyingine bi mkubwa aliyebaki ana chake na hakuna anayekuja kumuuliza.